Kunakili Ratiba ya Mazishi Kama Ilivyochapwa

Ratiba ya mazishi si daftari la marehemu. Kanuni ya 1182 ya Sheria za Kanisa inaagiza kwamba baada ya maziko jina la marehemu liandikwe katika daftari la parokia. Ratiba ni neno la familia kuhusu mtu wao. Kwa hiyo anayeinakili kwa ajili ya hifadhi ya parokia au ya ukoo hasahihishi kitu ndani ya maandishi yenyewe. Akiona shaka, huandika maelezo yake katika mabano ya mraba, ili msomaji ajue ni sauti ya nani.

Tuchukue mfano. Ratiba imechapwa hivi: “Alizaliwa 12/5/1941. Alifariki 3/2/2019 akiwa na umri wa miaka 79.” Ukihesabu, unapata miaka 77. Huenda mpiga chapa alikosea, au tarehe ya kuzaliwa ilikadiriwa tangu awali, jambo la kawaida kwa wazee wetu. Andika 79 kama ilivyo, kisha ongeza: [kwa tarehe zilizochapwa, miaka 77]. Tarehe nazo zibaki katika tarakimu. Anayegeuza 3/2 kuwa jina la mwezi amekwisha kuamua ipi ni siku na ipi ni mwezi, na atakayesoma baadaye hataweza kuujua uamuzi huo.

Penye udugu pana hatari kubwa zaidi. Ratiba hiyo inasema marehemu ameacha “watoto 7”, lakini majina yaliyoorodheshwa ni 8. Usifute jina, wala usibadili hesabu. Kwetu mtoto wa kaka huitwa mtoto, na baba mdogo ni baba. Yamkini jina la nane ni la mtoto wa ndugu aliyelelewa nyumbani humo. Ukiandika “mpwa” kwa kukisia, umetunga nasaba. Siku moja wajukuu wawili wanaweza kuja parokiani kuomba ndoa. Kanuni ya 1091 inabatilisha ndoa ya ndugu wa damu wa ubavuni hadi daraja la nne, yaani hata watoto wa ndugu wawili wa damu. Ratiba haithibitishi udugu huo, ila ikinakiliwa kwa uaminifu humwonyesha paroko swali la kuwauliza wazee.

Mistari ya ibada ifuate mpangilio wake, kila mmoja peke yake. “Saa 4:00 asubuhi” isigeuzwe kuwa 10:00. Kama wasifu wa marehemu umechapwa kabla ya Injili, uache hapo, hata ukijua kwamba padre aliuhamishia baada ya Komunyo: karatasi inaonyesha yaliyopangwa. Ulilolishuhudia liandike chini, nje ya nakala, pamoja na jina lako, tarehe ya kunakili, na mahali karatasi yenyewe inapotunzwa.