Kiu na kukojoa mara kwa mara

Kiu kali na kukojoa mara kwa mara ni dalili za awali za sukari kuzidi kwenye damu, hasa kutokana na kisukari. Kwa kawaida figo huirudisha kwenye damu karibu sukari yote zinayoichuja. Kiwango cha sukari kwenye damu kikipita takriban milimoli 10 kwa lita, figo huzidiwa. Sukari huingia kwenye mkojo na kuvuta maji mengi. Hivyo mkojo hutangulia, kiu hufuata, na soda inayonywewa kukata kiu huongeza tatizo. Chini ya kiwango hicho mtu anaweza asihisi lolote, ndiyo maana kisukari cha aina ya pili huweza kukaa miaka bila kugunduliwa.

Mtu mzima anayeamka usiku kukojoa mara nyingi kuliko alivyozoea, huku akikonda au kuona ukungu, apimwe bila kungoja. Kipimo cha maabara cha milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, saa yoyote, pamoja na dalili hizo, huthibitisha kisukari. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, na anakunywa maji kupita kawaida, apimwe siku hiyohiyo. Akitapika au kuhema kwa nguvu, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali.