Fom ni Ijumaa

Ukiambiwa "fom ni Ijumaa," umeskia nini? Kama umekulia Nairobi juzi juzi, umeskia kwamba mpango ni Ijumaa. Kama una miaka 70, umeskia kwamba fomu, ile karatasi yenyewe, inatolewa Ijumaa.

Nimeona tofauti hiyo ikimgharimu mtu karo. Ilikuwa mkutano wa basari, mtaa mmoja wa Eastlands, na kijana aliyeshika maiki alimaliza hivi: "Fom ni Ijumaa, wasee, msilale." Alimaanisha Ijumaa ni siku ya mwisho ya kurudisha karatasi zikiwa na muhuri wa chifu. Shosho mmoja anayelea mjukuu alifika Ijumaa jioni kuchukua fomu. Meza ilikuwa imeshaondolewa, na jina la mjukuu halikuingia kwenye orodha ya muhula huo.

Yule kijana hakuwa amewadharau wazee. Alitumia lugha ambayo kazi yake ya kwanza haikuwa kutangazia umati. Sheng ilikulia Kaloleni, Bahati, Shauri Moyo, Pumwani na mitaa jirani, ambako familia za makabila tofauti zilibanana kwenye vyumba vichache. Kama mnalala chumba kimoja na mzazi, siri inabaki kwenye maneno tu. Ndiyo maana maneno yalikatwa na kupinduliwa: stori ikawa risto, Kaloleni ikawa Ololo. Wazee wakishashika neno, vijana wanaliacha au wanalipa maana nyingine. Buda alikuwa baba, au mzee. Leo mavijana wanaitana buda wao kwa wao. Sasa simama mbele ya mzee wa watu umwite buda kwa maiki, uone kama atakuskiza tena.

Lakini sanifu nayo haikuzaliwa hapa. Kamati ya lugha iliyoundwa 1930, wakati wa mkoloni, ndiyo iliyoisawazisha, na msingi wake ulikuwa Kiunguja cha Zanzibar. Wengi wetu Nairobi tulikutana nayo kwenye insha na taarifa ya habari. Mtu akisema "wasilisheni stakabadhi zenu," vijana wanaskia mtihani, wanatoa simu. Hata yule shosho hasemi stakabadhi. Anasema karatasi.

Kuna waliojaribu kufikia nyumba nzima kwa Sheng na wakaweza. Jarida la vibonzo la Shujaaz, lililoanza 2010, lilisambazwa pamoja na gazeti la Nation, kwa hivyo lingeweza kufika mikononi mwa mjukuu na babu yake. Lilifundisha, kwa mfano, kupaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwanyakue. Babu asiyejua neno fulani aliona kifaranga kimepakwa rangi. Mchoro ulibeba maagizo, Sheng ikabeba utamu.

Mtu wa maiki hana mchoro. Kwa hivyo mimi nikiandikia mtu tangazo la aina hii, sanifu nyepesi ndiyo naipa kazi ya mchoro. Tangazo la basari ningeliandika hivi:

"Wazee wetu, akina mama, hamjambo? Vijana, mko poa? Fomu za basari zinatolewa leo, hapa mlangoni. Ukishajaza, peleka kwa chifu apige muhuri. Halafu irudishe hapa kabla ya saa kumi jioni, siku ya Ijumaa. Baada ya hapo hatupokei. Na nyinyi wasee, msingoje Ijumaa saa tisa ndio muanze kusaka chifu. Mtapata ameishia."

Ona kazi ilivyogawanywa. Nini, wapi na lini viko kwenye sentensi fupi ambazo shosho na mjukuu wote wanazielewa. Sheng imekuja mwisho kuchokoza wanaopenda kuchelewa, na haina habari mpya. Hicho ndicho kipimo changu: futa mstari wa Sheng, kisha uangalie kama kuna mtu atakosa siku au mahali. Kama yuko, hiyo habari irudi juu, kwa sanifu.

Neno linaloskika mara mbili, kama fom, silitumii kabisa karibu na tarehe. Lakini soo na mbao siziogopi. Zimekaa mtaani muda mrefu hadi mama mboga na wateja wake wa kila rika wanahesabia nazo.

Bado unaweza kukosea, kwa sababu Sheng ya Kayole leo si ile ya Buruburu ya juzi. Kwa hivyo usiulize "tumeelewana?" Watu wataitikia ndiyo kwa heshima tu. Muulize mtu wa viti vya nyuma, mwenye mvi: "Mama, Ijumaa unakuja kufanya nini?" Akijibu "kuchukua fomu," bado hujamaliza kutangaza.