ELSTER

ELSTER ni tovuti ya serikali ya Ujerumani inayotumiwa na wakazi wa nchi hiyo kupeleka ritani zao za kodi kwa njia ya kompyuta. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kijerumani *Elektronische Steuererklärung*, yaani "ritani ya kodi ya kielektroniki". Elster ni pia jina la Kijerumani la ndege mmoja wa jamii ya kunguru.

Anwani ya tovuti ni `www.elster.de`, na kuitumia hakuna malipo. Sehemu ambamo kila mtu ana akaunti yake huitwa `Mein ELSTER`, maana yake "ELSTER yangu".

Sheria ya Ujerumani ya taratibu za kodi inasema katika kifungu cha 87 kwamba lugha rasmi ya ofisi za kodi ni Kijerumani. Kwa sababu hiyo fomu za ritani ya mwaka hujazwa kwa Kijerumani, na barua za ofisi ya kodi (`Finanzamt`) huja kwa Kijerumani vilevile. Kwa watu waliohamia Ujerumani kutoka Afrika ya Mashariki, kama wauguzi, wanafunzi na mafundi, ugumu mkubwa mara nyingi hauko kwenye hesabu ya kodi. Uko katika kutambua mambo matatu kwenye kioo: namna ya kuingia, tofauti kati ya rasimu na ritani iliyotumwa, na mahali pa kupata stakabadhi.

## Kufungua akaunti

Kila mkazi wa Ujerumani hupewa namba ya utambulisho wa kodi yenye tarakimu 11, inayoitwa `Identifikationsnummer`. Namba hiyo huletwa kwa barua baada ya mtu kuandikisha anwani yake kwenye ofisi ya manispaa. Anayetaka akaunti hubofya `Benutzerkonto erstellen` ("fungua akaunti"), kisha huandika namba hiyo, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe. Tarehe huandikwa kwa kuanza na siku, halafu mwezi na mwaka, zikitengwa kwa nukta: 05.03.1994.

Baada ya hapo mwombaji hupata vitu viwili kwa njia mbili tofauti. `Aktivierungs-ID` huja kwa barua pepe, na `Aktivierungs-Code` huja kwa barua ya posta. Akaunti haifunguki bila vyote viwili. Njia zimetenganishwa makusudi, ili mtu aliyeiba barua pepe ya mwenzake asiweze kufungua akaunti kwa jina lake.

Barua ya posta hupelekwa kwenye anwani inayojulikana na idara ya kodi. Hapo ndipo wageni wengi hukwama. Aliyehama bila kuandikisha anwani mpya ataisubiri bure. Tena mpeleka barua wa Ujerumani hutafuta jina kwenye sanduku la barua la nyumba. Anayeishi chumba cha kupanga na jina lake halimo kwenye sanduku, barua yake hurudishwa ilikotoka. Kwa kuwa barua huchukua siku kadhaa na pengine zaidi ya wiki moja, akaunti haifai kuombwa siku za mwisho kabla ya tarehe ya kupeleka ritani.

## Kuingia kwa faili la cheti

Katika njia inayotumiwa na wengi, kinachomwingiza mtu ni faili pamoja na nenosiri. Faili hilo huitwa `Zertifikatsdatei`, yaani "faili la cheti", na jina lake huishia na `.pfx`. Tovuti hulitengeneza wakati akaunti inapowashwa, na mwenye akaunti hulipakua na kulihifadhi kwenye kompyuta yake. Linaweza kulinganishwa na ufunguo, ambapo nenosiri ni mkono unaouzungusha: kimoja bila kingine hakifungui mlango.

Ili kuingia, mtu hubofya `Login`, huchagua faili lake mahali alipolihifadhi, huandika nenosiri na kuthibitisha. Wengine hukosea kwa kulibofya faili lenyewe mara mbili kwenye kompyuta. Wakifanya hivyo, kompyuta huanza kuuliza maswali juu ya kusakinisha cheti, na mtu hudhani tovuti imeharibika. Faili halifunguliwi. Huchaguliwa kutoka ndani ya ukurasa wa kuingilia.

Nenosiri likisahauliwa au faili likipotea, hakuna ofisa anayeweza kumsomea mtu nenosiri lake kwa simu, kwa sababu halikuhifadhiwa kwao. Mwenye akaunti huomba njia mpya ya kuingia na kusubiri tena barua ya posta. Kwa hiyo nakala ya faili huwekwa pia kwenye flashi au mahali pengine salama. Cheti hudumu miaka 3, kisha huhitaji kufanywa upya.

Faili na nenosiri kwa pamoja huchukua nafasi ya sahihi ya mwenyewe. Anayempa mtu mwingine vyote viwili ili "amsaidie" amempa uwezo wa kutuma ritani kwa jina lake na kubadilisha hata namba ya akaunti ya benki ambamo marejesho ya kodi yatalipwa.

## Rasimu

Fomu ya kawaida ya mfanyakazi hupatikana chini ya `Formulare & Leistungen`, katika sehemu ya `Einkommensteuer` ("kodi ya mapato"). Fomu kuu huongezewa viambatisho vinavyoitwa `Anlage`. Mfanyakazi wa mshahara huhitaji `Anlage N`, na kwa michango ya bima hujaza `Anlage Vorsorgeaufwand`.

Si lazima fomu ijazwe yote siku moja. Ikihifadhiwa huwekwa katika `Meine Formulare`, kwenye orodha ya `Entwürfe`, maana yake "rasimu". Tovuti humtoa nje mtu aliyekaa muda bila kufanya kitu, hivyo anayehitaji kutafsiri maneno kwa kamusi huhifadhi kwanza kabla ya kuondoka kwenye ukurasa.

Maneno machache yanatosha kumwongoza msomaji asiyejua Kijerumani vizuri:

| Neno kwenye kioo | Maana |
|---|---|
| `Speichern` | Hifadhi |
| `Weiter` / `Zurück` | Endelea / Rudi |
| `Löschen` | Futa |
| `Prüfen` | Kagua |
| `Fehler` | Kosa linalozuia kutuma |
| `Hinweis` | Taarifa tu. Haizuii kutuma |
| `Absenden` | Tuma |

Namba nazo huandikwa kinyume cha mazoea ya Afrika ya Mashariki. Kwa Kijerumani mkato hutenga euro na senti, na nukta hutenga maelfu. Kiasi kinachoandikwa 10,800.00 mjini Nairobi au Dar es Salaam huandikwa 10.800,00 mjini Berlin. Akiandika 10,800 kwa mazoea ya kwao, mtu ameandika kwa Kijerumani euro 10 na sehemu.

Rasimu si ritani. Ofisi ya kodi haihesabu rasimu kuwa imepokewa, hata kama kila kisanduku kimejazwa kwa usahihi. Ukaguzi wa `Prüfen` nao hautumi kitu. Hutafuta tu makosa. Ritani hutoka mikononi mwa mtu anapobofya `Absenden` mwishoni.

## Stakabadhi

Ritani ikishapokelewa na mitambo, ukurasa wa uthibitisho huonekana. Ndani yake kuna mfuatano wa herufi na tarakimu uitwao `Transferticket`, ambao ndio namba ya stakabadhi. Uthibitisho huo hupakuliwa kama faili la PDF pamoja na nakala ya yote yaliyotumwa. Aliyefunga ukurasa kabla ya kupakua huingia tena katika `Meine Formulare` na kufungua orodha ya `Übermittelte Formulare`, yaani "fomu zilizotumwa".

Orodha hizo mbili ndizo njia rahisi ya kujua hali ya ritani. Ikiwa katika `Entwürfe` tu, haijatumwa. Ikiwa katika `Übermittelte Formulare` na ina `Transferticket`, imepokelewa.

Stakabadhi huthibitisha kupokelewa tu. Haisemi kwamba hesabu imekubaliwa. Uamuzi wa ofisi huja baadaye katika barua iitwayo `Steuerbescheid`, na asiyekubaliana nao ana mwezi mmoja wa kuweka pingamizi. Nakala ya PDF iliyopakuliwa husaidia hapo: mtu hulinganisha mstari kwa mstari alichotuma na kile ofisi ilichokubali.

## Mfano

Muuguzi asiye na mwenzi alikuwa akiishi Ujerumani akijifunza lugha, bila mapato yoyote, kisha akaanza kazi Septemba 2023. Mshahara wake ulikuwa euro 2,700 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa miezi 4 alipata euro 10,800. Mwajiri alikata kodi kila mwezi kana kwamba mshahara huo ungeendelea mwaka mzima.

Katika ritani, hesabu hufanywa kwa mwaka wote. Kutoka euro 10,800 huondolewa kwanza euro 1,230, kiwango ambacho kila mfanyakazi alikatiwa mwaka 2023 kwa gharama za kazi bila kuonyesha risiti. Hubaki euro 9,570. Kiwango kisichotozwa kodi mwaka huo kilikuwa euro 10,908 kwa mtu mmoja. Kwa kuwa mapato yake hayakufika hapo, hadaiwi kodi ya mapato, na yote iliyokatwa hurudishwa kwake.

Kiasi hicho husomwa kwenye cheti cha mwaka anachotoa mwajiri, `Lohnsteuerbescheinigung`: mstari wa 3 una mshahara wote, na mstari wa 4 una kodi iliyokatwa. Muuguzi hujaza namba hizo katika `Anlage N`, huandika namba ya akaunti yake ya benki katika fomu kuu, hukagua, kisha hutuma.

Mtu wa namna hii halazimiki kupeleka ritani; huipeleka kwa hiari ili arudishiwe fedha. Sheria humpa miaka 4 baada ya mwaka wa kodi kwisha, hivyo ritani ya 2023 lazima ifike hadi tarehe 31 Desemba 2027. Anayelazimika kupeleka ritani bila mshauri wa kodi huwa na muda mfupi zaidi, kwa kawaida hadi tarehe 31 Julai ya mwaka unaofuata, na akichelewa anaweza kutozwa nyongeza isiyopungua euro 25 kwa kila mwezi ulioanza.

Muuguzi huyo akiacha fomu yake katika `Entwürfe` hadi Januari 2028, rasimu haitamwokoa. Haki yake ya kurudishiwa kodi ya 2023 itakuwa imekwisha, ingawa namba zote zimejazwa sawasawa na kilichobaki kilikuwa kubofya neno moja.