Methali katika kifungu: «Akebo kajya iwa Mugarura»

Methali ya Kinyarwanda, inayosikika pia Nyakabuye, kata ya Wilaya ya Rusizi (zamani sehemu ya Mkoa wa Cyangugu), kusini-magharibi mwa Rwanda. Kwa Kiswahili: kikapu kidogo huenda kwa Mugarura, yaani kwa mtu arudishaye.

Chukua kifungu hiki kilichotungwa kwa mfano. Mama mmoja wa Nyakabuye anampa jirani kikapu cha mbegu za maharage, kwa kuwa za jirani zimeoza. Msimu unaofuata mama anaugua, na jirani anakuja kumpalilia shamba lote. Mama anapomshukuru, jirani anajibu: «Akebo kajya iwa Mugarura.»

Kufasiri kunaanzia kwenye tukio. Nani kasema, na baada ya nini? Aliyesema ndiye aliyepokea kwanza, na sasa analipa. Kikapu kinasimama badala ya msaada. Mugarura ni yeyote asiyesahau alichotendewa. Angalia pia kwamba zilitolewa mbegu, ikarudi kazi: kinachorudi si lazima kifanane na kilichotoka. Funzo kwa maneno mepesi: ukisaidiwa, nawe msaidie aliyekusaidia anapohitaji.

Wengi huishia kuandika kwamba «tusaidiane» au «tuwe wakarimu». Jibu hilo ni pungufu, kwa sababu linaacha deni la aliyepokea. Hata «Tenda wema nenda zako» haitoshei hapa, maana humwambia mtoaji asingojee malipo, ilhali katika kifungu hiki anayesema ni mpokeaji.