Kiwanja kinauzwa Katwe: Namna ya kulisoma tangazo la ardhi Kampala

"Kiwanja kinauzwa Katwe. Futi 50 kwa 100, gari linafika, karatasi zipo, karibu na mzunguko wa Kibuye."

Huu ni mfano wa tangazo ambalo mkazi yeyote wa Kampala angelitambua mara moja. Maneno mazito kuliko yote humo ni mawili: "karatasi zipo".

Sehemu kubwa ya ardhi ya Buganda ni ya mailo, mfumo uliozaliwa na Mkataba wa mwaka 1900 baina ya Uingereza na Buganda. Juu ya ardhi hiyo, kipande kimoja huweza kubeba haki za watu wawili: mwenye hatimiliki, na mkaaji wa kibanja anayemlipa mwenye ardhi busuulu, yaani kodi ndogo ya kila mwaka. Karatasi za kibanja kwa kawaida ni mkataba wa mauziano uliotiwa saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, pamoja na stakabadhi za busuulu. Hatimiliki ni kitu kingine kabisa. Hutaja namba ya kitalu na ya kiwanja, na kwa namba hizo mnunuzi huomba upekuzi katika ofisi ya ardhi ya serikali, akaona jina la mmiliki na kama kuna rehani ya benki au zuio.

Anayeuza kibanja anapaswa kisheria kumpa mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kukinunua. Tangu marekebisho ya mwaka 2010, kukiuka sharti hilo ni kosa la jinai, na haki ya kibanja hupotea. Mnunuzi aliyekwisha kulipa hubaki akimtafuta muuzaji.

Ukubwa nao una hesabu yake. Futi 50 kwa 100 ni mita za mraba zipatazo 464, au desimali 11 na nusu, desimali moja ikiwa sehemu ya mia ya ekari. Hatimiliki ikisoma hekta 0.040, hizo ni mita 400 tu. Pengine kiwanja kilipimwa kwa hatua za miguu, au njia ilihesabiwa ndani yake. Mpima ardhi aliyesajiliwa ndiye anayeweza kuyatafuta mawe ya mipaka na kumaliza ubishi.

"Gari linafika" huenda ikamaanisha kwamba jirani hajajenga ukuta bado. Njia isiyoonekana kwenye ramani iliyoambatanishwa na hati yaweza kuwa ardhi ya mtu mwingine.

Kibuye ni alama inayomfikisha mgeni, lakini viwanja vilivyo "karibu" nayo ni vingi. Kinachofaa zaidi ni kuuliza kiwanja kiko mlimani au bondeni, kwani upande wa Mnara wa Saa hufurika mvua kubwa inaponyesha.

Jambo moja matangazo hayalitaji kamwe: kama muuzaji ana mwenzi wa ndoa. Ardhi ambayo familia inaishi juu yake haiuzwi kihalali nchini Uganda bila ridhaa ya mwenzi huyo.