Kutoka mateke ya farasi hadi sigara za madaktari

Mwaka 1898 mchumi na mtakwimu Ladislaus von Bortkiewicz alichapisha kitabu kidogo ambacho leo kinakumbukwa zaidi kwa jedwali lake moja: askari wa Prussia waliouawa kwa kupigwa mateke na farasi. Katika vikosi vikuu 10, kwa miaka 20 kuanzia 1875 hadi 1894, walikufa askari 122. Hiyo ni wastani wa vifo 0.61 kwa kila kikosi kwa mwaka. Bortkiewicz alichukua fomula ambayo Siméon Denis Poisson aliiandika mwaka 1837, akaipa wastani huo tu, nayo ikatabiri kwamba kati ya taarifa 200 za mwaka za vikosi, karibu 109 zisingekuwa na kifo hata kimoja. Zilikuwa 109.

Lakini jeshi lilikuwa na vikosi 14. Vinne aliviweka kando kwa sababu muundo wao ulitofautiana na wa wenzao. Fomula ya Poisson ilimtaka awe na makundi yanayofanana, na makundi ya watu hayafanani mara nyingi.

Tatizo hilo lilijitokeza wazi huko Uingereza. Mwishoni mwa Oktoba 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwatumia madaktari wa nchi hiyo dodoso fupi kuhusu uvutaji wa sigara, kisha wakawa wanahesabu nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Katika jedwali lao la wanaume waliokufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo, wavutaji wana vifo 630 na wasiovuta 101. Kulinganisha namba hizo peke yake ni kujidanganya, kwani wavutaji walikuwa wengi zaidi. Kwa hiyo kila daktari alihesabiwa miaka aliyokuwa chini ya uangalizi, na vifo vikagawanywa kwa jumla ya miaka hiyo: 142,247 kwa wavutaji na 39,220 kwa wasiovuta. Hapo tunapata vifo 4.4 kwa kila miaka 1,000 dhidi ya 2.6, yaani uwiano wa 1.72.

Hata huo si wa kuaminiwa. Karibu nusu ya miaka ya wasiovuta ilitoka kwa madaktari wa umri wa 35 hadi 44, ambao moyo huwaua kwa nadra. Kwa wavutaji ilikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Sehemu ya tofauti ilikuwa ya umri tu, si ya sigara.

Mwaka 1972 John Nelder na Robert Wedderburn, waliokuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, walionyesha njia moja ya kukokotoa inayofaa kwa familia nzima ya modeli, ikiwemo ile ya hesabu za Poisson. Kwa jedwali la madaktari modeli inaandikwa hivi:

logi(vifo) = logi(miaka) + a + b × uvutaji + umri

Logi ya miaka haikadiriwi. Inaingizwa kama ilivyo, na ndiyo inayowezesha makundi yasiyolingana kwa ukubwa kukaa katika hesabu moja. Bortkiewicz angeifurahia. Kompyuta inatoa b = 0.3545, namba isiyomwambia kitu msomaji wa kawaida. Kwa kuwa tuko kwenye logi asilia, tunarudi nyuma: e^0.3545 = 1.43. Maana yake ni kwamba kati ya madaktari wa rika moja, kiwango cha vifo vya moyo cha wavutaji kilikuwa mara 1.43 ya kile cha wasiovuta, yaani asilimia 43 juu zaidi.

Wengi huishia hapo, na mimi naona wanawahi mno. Modeli hii inachukulia kwamba 1.43 inafaa kila rika. Tukigawanya viwango rika kwa rika, uwiano ni 5.7 kwa wenye umri wa 35 hadi 44, unashuka hadi 2.1, 1.5, 1.4, na kwa wenye miaka 75 hadi 84 ni 0.9. Ile 5.7 inategemea vifo 2 tu vya wasiovuta, kwa hiyo isishikwe kwa nguvu, lakini mteremko wenyewe hauonekani kuwa wa bahati. Kipimo cha ulinganifu wa modeli na takwimu ni 12.1 kwa digrii 4 za uhuru, wakati modeli inayofaa ingetarajiwa kutoa kama 4. Ni ishara kwamba namba moja ya uvutaji haitoshi; inahitajika nyingine inayobadilika na umri.

Uwiano unaposhuka, si lazima hasara nayo ipungue. Kwa wenye miaka 35 hadi 44, sigara iliendana na nusu kifo cha ziada kwa kila miaka 1,000 ya uangalizi. Kwa wenye miaka 65 hadi 74, ambao uwiano wao ulikuwa 1.4 tu, ziada hiyo ilikaribia vifo 4.