Ubinafsishaji wa Shirika la Ndege la Kenya

Shirika la Ndege la Kenya (Kenya Airways) lilianzishwa mwaka 1977, baada ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kuvunjika, likiwa mali ya serikali kwa asilimia 100. Maandalizi ya kuliuza yalianza mwaka 1991 chini ya mwenyekiti Philip Ndegwa, aliyepewa kazi ya kulifanya liendeshwe kibiashara. Hilo lilihitajika kwanza, kwa kuwa shirika lenye mzigo wa madeni halipati mnunuzi wa maana.

Mauzo yalifanyika kwa hatua mbili. Kwanza alitafutwa mshirika, na KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26 kwa dola milioni 26 za Marekani. Kisha, mwaka 1996, hisa ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 11.25 kila moja, na zikaanza kununuliwa na kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi Juni. Serikali ilibaki na asilimia 23. Raia mmoja mmoja wa Kenya walipata 22, wawekezaji wa kigeni 14, taasisi za Kenya 12 na wafanyakazi 3. Hivyo KLM, yenye robo tu ya hisa, ndiyo iliyokuwa mwanahisa mkubwa kuliko wote.

Jambo la ajabu ni kwamba mambo yaligeuka. Mwaka 2017, madeni yalipobadilishwa kuwa hisa, serikali ilipanda hadi asilimia 48.9, mabenki yaliyokopesha yakapata 38.1, na KLM ikashuka hadi 7.8.